Tupeane uzoefu: uliteguka enka, ulirudije uwanjani?

Beki wa Pembeni: Wakuu, nacheza mpira Jumatano na Jumapili tu. Niliruka kupiga kichwa, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu, mguu ukapinda kwa ndani. Siku ya 12 natembea bila maumivu, nikaona nimepona, nikacheza mechi nzima. Kipindi cha pili nikageuka ghafla kumfuata winga, ukapinda tena, na safari hii ukavimba zaidi. Leo ni wiki ya nne tangu hapo. Mliowahi kuteguka mkarudi bila kurudia, mlijuaje kwamba mko tayari?

Mzee wa Kiungo: Pole mdogo wangu. Mimi nilikaa wiki 6 nimeufunga mguu, sikuugusa kabisa. Kupumzika ndiyo dawa.

Fizio Mstaafu: Shikamoo mzee. Siku za mwanzo kupumzika kunasaidia, hapo nakubaliana nawe. Lakini ikishajulikana hakuna mfupa uliovunjika, wiki 6 bila kuugusa huacha misuli ya shavu la mguu ikiwa dhaifu na kifundo kikiwa kigumu. Kano zikishavutika, kifundo pia huchelewa kuhisi kwamba kinapinda, na hisia hiyo hurudi kwa mazoezi.

Nikueleze yangu, Beki, maana na mimi niliteguka nikiwa nacheza mara mbili kwa wiki. Nilitumia ukuta. Unaweka kidole gumba cha mguu mbali kidogo na ukuta, unakunja goti mpaka liuguse, kisigino kisinyanyuke. Unasogeza mguu nyuma kidogo kidogo mpaka ufike mwisho, kisha unapima kutoka kidole hadi ukutani. Mguu mzima ulinipa sentimita 11, ulioteguka 7. Natembea vizuri kabisa, kumbe kifundo hakikunji! Nikanyanyua kisigino kwa mguu mmoja: mzima mara 25, mwingine 14 nikachoka. Nikafanya hayo mazoezi kila siku, pamoja na kusimama kwa mguu mmoja, hadi nikafika 10 na 22.

Baada ya hapo siku zangu mbili nikazigeuza ngazi. Jumatano ya kwanza nilikimbia moja kwa moja tu, Jumapili nikaongeza kasi. Wiki iliyofuata nikakimbia zigizaga, kisha nikakata kona na kuruka kwa mguu mmoja. Ya tatu nikafanya mazoezi na wenzangu, kwanza bila kukabwa, halafu nikikabwa. Mechi yangu ya kwanza nilicheza dakika 20, iliyofuata kipindi kimoja.

Kila asubuhi baada ya kucheza nilirudi ukutani. Kipimo kikishuka sentimita 2, au uvimbe ukirudi, nilirudia ngazi ya chini. Usiamini unavyojisikia ukiwa uwanjani, mwili ukiwa wa moto huficha mengi.

Dada Netiboli: Mimi niliambiwa nimeteguka tu, nikaendelea kuchua. Nilikuwa siwezi hata kupiga hatua 4, na ukibonyeza ukingo wa nje wa unyayo, katikati pale, napiga kelele. Eksirei ilionyesha mfupa umevunjika. Naomba mtu asichue mguu wa hivyo.

Fizio Mstaafu: Umesema la maana sana, dada. Ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, upande wa nyuma, na ukauma, au ukashindwa kukanyaga hatua 4, nenda kapige picha. Na maumivu yakiwa juu ya kifundo, kati ya mifupa miwili ya mguu, hilo ni jeraha jingine, huchukua muda mrefu zaidi. Ngazi zangu zisitumike hapo.

Kipa Namba Moja: Mimi ni goti linalonisumbua nikidaka chini. Nifanye hayo ya ukuta?

Dada Netiboli: Kaka, huu ni uzi wa enka. Goti kalionyeshe kwanza.

Mzee wa Kiungo: Haya, la wiki 6 nimelisikia. Lakini hizi bresi na plasta za kufunga enka sizitaki, zinaufanya mguu uzoee kushikiliwa.

Fizio Mstaafu: Mzee, kwa aliyewahi kuteguka zinapunguza kurudia, na sijaona zikidhoofisha mguu wa mtu anayeendelea na mazoezi. Mimi nilivaa bresi kila mechi mwaka mzima.

Dada Netiboli: Mimi niliivua baada ya miezi 4, na bado niko salama.

Mzee wa Kiungo: Mwaka mzima ni mwingi mno, hapo hamjanishawishi.

Beki wa Pembeni: Nimetoka ukutani sasa hivi. Mzima 12, mbovu 8 na nusu. Kisigino 24 kwa 11, na ya mwisho nilikuwa natetemeka. Jumapili hii nilishapangwa kuanza. Nimempigia kocha nimemwambia anitoe kwenye kikosi. Fizio, nikianza kukimbia, viatu vya njumu au raba?

Fizio Mstaafu: Raba, kwenye ardhi iliyo sawa. Njumu hung'ang'ania chini mguu unapogeuka, ziache mpaka ufike kwenye kukata kona.