Kampuni imepata meneja mpya na inafungua ghala la pili, niwaandikieje?

Kalamu_Nyeusi: Wakuu habari zenu. Nauza mfumo wa kusimamia stoo, ule wa kujua mzigo gani umeingia na gani umetoka. Kuna kampuni ya kusambaza vipuri nimekuwa naitolea macho kitambo, sasa wametangaza kwenye ukurasa wao kwamba wamepata meneja mpya wa uendeshaji na tangazo hilohilo linasema wanafungua ghala la pili. Nikaona hapa ndo pa kuingilia. Nimeandika hivi: "Hongera sana kwa cheo kipya. Sisi tunatoa mfumo bora wa stoo, unaookoa muda na gharama. Naomba nafasi tuonane wiki hii." Nitume au nibadilishe wapi?

Mzee_wa_Fursa: Tuma leo leo mkuu, habari ikipoa haina kazi. Wenzako nao wameliona hilo tangazo.

Bi_Sauda: Kwenye cv weka kazi za stoo ulizowahi kufanya maana meneja mpya huwa anakuja na watu wake, mimi niliomba kazi hivyohivyo nikaitwa.

Kalamu_Nyeusi: Dada siombi kazi, nauza mfumo 🙏 ila asante.

Nahodha_Mauzo: Kaka usitume hiyo. Hongera siyo sababu ya kuandika, hongera atapewa na kila mtu wiki hii, na ukiitoa hiyo sentensi ya kwanza barua yako inaweza kwenda kampuni yoyote. Ndo kipimo changu hicho, futa tukio halafu soma kilichobaki, kama bado kinasomeka vizuri basi tukio umelibandika tu.

Jiulize ghala la pili linamletea shida gani ambayo juzi hakuwa nayo. Kwenye ghala moja mtunza stoo anajua kila kitu kwa kichwa, na kikikosekana anainuka anaenda kuangalia. Yakiwa mawili kuna mzigo uko njiani, ghala la kwanza limeshautoa kwenye daftari, la pili halijaupokea, kwa hiyo kwenye hesabu haupo kokote, au wote wawili wanauhesabu. Muuzaji anamwambia mteja kipuri kimeisha kumbe kiko kwenye gari. Hapo ndo pa kuandikia. Mimi ningeandika hivi:

"Nimeona kwenye ukurasa wenu kwamba mnafungua ghala la pili. Kampuni zikianza kuhamisha mzigo kati ya maghala mawili, mara nyingi kinachosumbua ni vipuri vilivyo njiani, havionekani upande wowote. Je, hilo mmeshalipangia utaratibu, au bado? Kama bado, naweza kukutumia karatasi ya ukurasa mmoja inayoonyesha hatua za kuhamisha na nani anasaini wapi."

Basi. Usiombe kikao, uliza swali ambalo hata akiwa kwenye foleni anaweza kulijibu kwa neno moja. Na sema umeionea wapi hiyo habari, maana mtu akishangaa umejuaje anaanza kukuogopa.

Mzee_wa_Fursa: Kwa hiyo asubiri? Atapitwa.

Nahodha_Mauzo: Kwenye ghala uko sahihi, awahi, tena pengine amechelewa, maana mpaka kampuni inatangaza upanuzi, jengo na baadhi ya vifaa vilishaamuliwa zamani. Dalili ya mapema ni matangazo ya nafasi za kazi, ukiona wanatafuta mtunza ghala wa eneo jipya ujue mambo yanaiva. Kwa meneja ni tofauti. Siku za mwanzo anajifunza majina ya watu, na bajeti anayoitumia aliipanga aliyemtangulia. Akishakaa mwezi au zaidi ndo anaanza kuuliza kwa nini tunalipia hiki. Halafu angalia katoka nje au kapandishwa humohumo, kama ni wa ndani inawezekana huo mfumo wanaoutumia sasa aliuchagua yeye, ukiuponda umemponda mwenyewe.

Karani_wa_Ghala: Mimi niko upande wa kupokea hizo barua. Bosi wetu mpya alipokuja zilimiminika zote zinaanza na hongera, alikuwa ananisukumia mimi bila kufungua. Mwandikie mkuu wa stoo, ndiye anayelala na hiyo shida ya mzigo wa njiani.

Nahodha_Mauzo: Mkuu wa stoo atakuelewa ila hana saini ya malipo. Mimi bado naanzia kwa meneja.

Karani_wa_Ghala: Na meneja atakuja kumuuliza huyohuyo mkuu wa stoo, ambaye atakasirika kwamba umemruka.

Kalamu_Nyeusi: Nimecheki, meneja katoka nje, na tangazo la kutafuta watunza ghala bado halijafungwa, kwa hiyo hawajaanza kuhamisha mzigo. Nimefuta hongera, nimeanza na ghala. Asipojibu nimkumbushe kwa maneno yaleyale?

Nahodha_Mauzo: Hapana, "nakumbushia tu" haimpi kitu kipya. Ngoja ghala lifunguliwe, hapo utakuwa na sababu nyingine ya kweli, umuulize hesabu ya kwanza ya maghala yote mawili imekaaje. Akinyamaza na hapo, muache.

Bi_Sauda: Na mimi kumbe nijaribu hao watunza ghala, link iko wapi?