Naomba ushauri: bidhaa ipi nishushe bei bila kuumia?

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo kwa wenye uzoefu wa duka lenye bidhaa nyingi. Nataka kushusha bei 10% kwa bidhaa moja tu, A au B, zote nauza 100. A gharama zinazotembea na mauzo (kununua, usafiri, kifungashio, kamisheni) ni 60 so inabaki 40, B ni 85 inabaki 15. Kodi na mishahara sijaziweka maana hizo nalipa hata nisipouza kitu.

Sasa nikiuza 90, A inabakisha 30, yaani nilipokuwa nauza 300 inabidi nifike 400 ndo nirudi palepale. B inabakisha 5 tu, hapo lazima mauzo yawe mara tatu, na hiyo hata kama B ndo inatoka haraka sioni ikiwezekana, kwahiyo B nimeitoa.

Kinachonisumbua ni C, inafanana na A na inaniachia 45 kila moja. Nikishusha A, wateja 30 wa C wakihamia huko nimepoteza 1,350, kwahiyo lengo la A linapanda toka 400 mpaka 445, na hao 30 wakiwemo humohumo.

Mnajuaje mapema wangapi watahama? Nafikiria kujaribu wiki mbili huku naangalia mauzo ya C kila siku, ila naogopa wateja watazoea ile bei ya 90 halafu kuirudisha 100 iwe shida. Aliyewahi kufanya hivi alipimaje?