Uzito unashuka haraka lakini na nguvu zinaondoka: nipunguze kalori ngapi kwa siku?

Kijana_wa_Dom: Wakuu, nina miaka 34, urefu sentimita 172, kazi yangu ni ya kukaa, jimu naenda mara tatu kwa wiki. Nilianza na kilo 88. Kwa hesabu, mwili wangu unatumia kama kalori 2,500 kwa siku, nami nakula 1,500. Wiki nne zimepita, sasa nina kilo 82.5. Tatizo ni kwamba kwenye benchi nilikuwa nasukuma kilo 80 mara nane, sasa hata 70 sifikishi nane. Naogopa misuli ndiyo inayoondoka.

Bonge_wa_Zamani: Kaza hapo hapo mkuu. Mimi nilikata 1,000 na nguvu zikaongezeka. Nilianzia kilo 131.

Kocha_Shaba: Bonge, wewe ulikuwa na akiba kubwa ya mafuta, ndiyo maana mwili ulivumilia. Yeye hana akiba hiyo.

Kijana, kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ukikata 1,000 kila siku, kwa wiki nne unatarajia kupoteza kilo 3.6 hivi. Wewe umepoteza 5.5. Sehemu kubwa ya hiyo ziada ni maji na wanga uliokuwa kwenye misuli, na hayo hutoka mwanzoni, kwa hiyo usidhani yote ni nyama. Ila nguvu zikiendelea kushuka wiki baada ya wiki, umekata mno.

Panda hadi kalori 2,000. Kwa uzito wa sasa hapo utakuwa umekata kama 430, na utashuka karibu gramu 400 kwa wiki. Protini ifike gramu 130 kwa siku: mayai, dagaa, kuku, maharage. Na usihamie vyuma vyepesi, kwa sababu uzito mkubwa ndio unaouambia mwili kwamba misuli bado ina kazi.

Mama_Zuu: Mimi nanyonyesha mtoto wa miezi mitatu, nami nile 2,000?

Kocha_Shaba: Hapana dada, hesabu hiyo ni yake. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, ongea kwanza na muuguzi wa kliniki.

Kijana_wa_Dom: Nikipanda hadi 2,000, uzito hautarudi?

Kocha_Shaba: Siku za mwanzo mizani inaweza kupanda kidogo, ni maji. Jipime kila asubuhi ukitoka chooni, kisha linganisha wastani wa wiki na wiki, pamoja na kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Wiki tatu zikipita bila badiliko, chunguza mafuta ya kupikia kabla ya kupunguza ugali: kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, na wengi hawakihesabu.

Neema_Vyuma: Mimi ningeanza na wiki moja ya kula 2,400 apumzike, ndipo ashuke.

Kocha_Shaba: Si vibaya, ingawa kwake sioni ulazima. Akiwa halali vizuri, nakubaliana nawe.

Kijana_wa_Dom: Usingizi kweli umekuwa wa shida. Naanza na wiki ya Neema.