Ushauri: Dawa za mama zinaisha kabla ya tarehe ya kliniki

Binti Mkubwa: Wakuu, habari zenu. Mama yuko kijijini, ana presha na sukari. Mimi niko mjini, humkumbusha kliniki kwa meseji. Kliniki yao ni Jumanne tu. Tarehe 5 Machi alipewa amlodipini 30 za miligramu 5, moja kila asubuhi, na metformini 60, asubuhi na jioni. Pasaka ikasogeza tarehe, akapangiwa 9 Aprili. Alifika siku hiyohiyo, presha ikasoma 172 kwa 100 wakati siku zote huwa 130 na kitu. Daktari akampandisha hadi miligramu 10, sasa miguu inavimba. Anarudi 7 Mei. Nimkumbusheje?

Nesi wa Zamu: Dada, hesabu vidonge. Kama alianza siku ileile, cha 30 alikinywa 3 Aprili. Kuanzia tarehe 4 hadi anapimwa hakuwa na kitu, presha lazima ipande. Daktari asipoambiwa huona dawa imeshindwa, anaongeza. Na amlodipini ya 10 huvimbisha miguu kuliko ya 5.

Kibwana: Siku ya kliniki asile wala asinywe dawa yoyote, ndiyo vipimo vinatoka sahihi.

Nesi wa Zamu: Kutokula ni sawa kama wameagiza kupima sukari kabla ya kula. Ya presha anywe kwa maji kama kawaida. Metformini aibebe, anywe na chakula akishapimwa.

Msafiri: Mimi nahudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU. Meseji ya kliniki iliwahi kusomwa na shemeji yangu, nyumba nzima ikajua. Usitaje ugonjwa.

Binti Mkubwa: Kweli, simu ya mama huwa anayo mjukuu. Na nimempigia: dawa ziliisha kabla. Hakusema kwa kuwa hakuulizwa.

Nesi wa Zamu: Basi tuma meseji mbili. Ya kwanza vikibaki vya siku 7: "Shikamoo mama. Hesabu vilivyobaki, niambie kama vinafika Jumanne." Visipofika, aende na daftari kituoni au famasi aongezewe vya kufidia, jina na miligramu zilezile. Ya pili jana yake: "Kesho ni Jumanne yako. Beba daftari na paketi zote, hata tupu." Paketi zinaonyesha alichokuwa anakunywa.

Kibwana: Si arudi tu kwenye 5 leo?

Nesi wa Zamu: Asipunguze mwenyewe. Ila asingoje 7 Mei, aende Jumanne hii aeleze siku alizokosa dawa. Ukivimba mguu mmoja na kuuma, au pumzi ikibana, aende siku hiyohiyo.

Binti Mkubwa: Anasema ni uchovu wa shamba, haendi kabla ya tarehe. Nitampigia mjomba ampeleke.