Anaandika njia ya kompyuta yake ndani ya mradi wa wote, halafu ananiambia mbele ya watu kwamba sijui kubonyeza Ctrl+B

Ndugu wanajukwaa, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Mnamjua yule bwana, kila ofisi inaye: ndiye anayeandaa mazingira ya kazi ya wote kana kwamba dunia nzima inatumia kompyuta yake. Leo, skrini yangu ikiwa ukutani mbele ya watu tisa, ameniuliza: «Kumbe hata Ctrl+B hujui kuibonyeza?»

Aliniagiza nifungue index.js katika Sublime Text. Nilibonyeza Ctrl+P, nikaandika index, na badala ya faili yetu ikashuka orodha ya faili za node_modules ndefu kuliko foleni ya mwendokasi saa kumi na mbili jioni, kwa sababu yeye aliyeandika faili la mradi hakuona haja ya kuiondoa folda hiyo. Nilipoipata hatimaye, nikabonyeza Ctrl+B, na ukuta mzima ukasoma hivi:

```
[Errno 2] No such file or directory: '/home/mkuu/kazi/ripoti'
```

Hiyo ni folda ya nyumbani kwake! Ameiandika kwenye working_dir, akaipeleka kwenye Git, na mashine yangu haijawahi kuwa na mtumiaji anayeitwa mkuu. Hapo ndipo aliposema maneno yale, na watu wakacheka. Ctrl+B, jamani. Mimi nimebonyeza Ctrl+B mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai.

Mzee wa Terminali: Pole, ila nawe ungeandika «src index» ukamaliza, kwa kuwa Ctrl+P inalinganisha njia nzima na si jina la faili peke yake. Umesimama mbele ya watu tisa ukishuka orodha kwa mshale?

Mwanzisha uzi: Nilikuwa nimeshaulizwa kama najua kubonyeza, ndugu. Nani angekumbuka src wakati huo?

Kijana wa Mbezi: Suluhisho ni rahisi: weka node_modules kwenye .gitignore, na Sublime itaacha kuionyesha.

Mama Seva: Hapana, mwanangu. Hilo linaizuia Git, lakini Ctrl+P itaendelea kuileta folda hiyo kama kawaida. Kinachotakiwa ni folder_exclude_patterns ndani ya faili la mradi, na njia ile ya nyumbani kwake ibadilishwe iwe $project_path, ambayo ni folda lilimo faili la .sublime-project kwa kila mtu, popote alipoliweka:

```json
{
  "folders": [{
    "path": ".",
    "folder_exclude_patterns": ["node_modules"]
  }],
  "build_systems": [{
    "name": "Ripoti",
    "working_dir": "$project_path",
    "shell_cmd": "node src/index.js"
  }]
}
```

Ujue tu kwamba folda hiyo itatoweka pia kwenye upau wa pembeni na katika utafutaji ndani ya faili zote, kwa hiyo siku ukitaka kuichungulia utaifungua kwa njia nyingine.

Kijana wa Mbezi: Nimenakili hivyo hivyo, nikafungua folda yangu, na kwenye Tools > Build System hakuna kitu kinachoitwa Ripoti.

Mama Seva: Umefungua folda, hukufungua mradi. Pita Project > Open Project ulichague faili lenyewe, kisha uichague Ripoti kwa mkono, maana haina selector na ukiacha Automatic huenda isichukuliwe.

Mzee wa Terminali: Kwake ilikuwa imeshachaguliwa kwa sababu uchaguzi huo unakaa kwenye .sublime-workspace. Kwa hiyo yule bwana hakuwahi kuijaribu kwenye mashine nyingine hata siku moja.

Mwanzisha uzi: Naam! Halafu mimi ndiye nisiyejua kubonyeza!

Bi Shamim: Afadhali yenu. Wa kwetu ameipeleka hiyo .sublime-workspace yenyewe kwenye Git, na kila asubuhi nikivuta mabadiliko nakuta mgongano, kwa sababu faili hilo linaandika upya faili alizozifungua yeye usiku. Nimelifuta mara tatu, na mara tatu amelirudisha.

Mwanafunzi 2: Naomba msaada. Ctrl+B yangu inaendesha Python vizuri mpaka ikifika input(), ndipo inatoa EOFError. Je, nayo ni kwa sababu ya node_modules?

Mzee wa Terminali: Haihusiani kabisa. Kidirisha cha matokeo hakipokei unachoandika, kwa hiyo programu yoyote inayouliza swali iendeshe kwenye terminali.

Bi Shamim: Na mimi je? Nimfanyeje huyu wa kila asubuhi?

Mwanafunzi 2: Terminali ninayo, lakini inaniambia haiifahamu python.