Msaada: sare kwenye picha ya kundi, kila mtu anatoka na rangi yake

Kifundo: Wakuu naombeni msaada, nina picha ya watu 26, sare zote ziwe maruni. Nimetumia Hue/Saturation ya Photoshop, skrinishoti hiyo hapo, wengine wametoka pinki kama peremende, wengine weusi tii. Kesho asubuhi nakabidhi, hata kulala sijalala.

MzeeBrashi: Sare za mwanzo rangi gani?

Kifundo: Za kawaida tu mkuu.

Chapakazi: Mimi niliwahi kubadilisha gauni la bibi harusi, mpaka meno yakawa kijani 😂

MzeeBrashi: Kifundo, "kawaida" ni rangi gani?

Kifundo: Haya, nusu wamevaa nyeupe, nusu bluu iliyokoza. Ila nimeshamaliza 11 mmoja mmoja kwa jicho, sitaki kurudi nyuma.

MzeeBrashi: Ndo ungesema mapema. Hao 11 wafute tu, jicho linadanganywa na kilicho jirani. Tatizo lako ni mwanga kabla ya rangi, nyeupe inang'aa mno na bluu imezama. Toa rangi kwenye mashati yote yabaki kijivu. Halafu Curves mbili, moja yenye maski ya weupe uishushe, nyingine ya bluu uipandishe kidogo. Info isome Lab, tazama L peke yake, eyedropper iwe 5 by 5 Average. Pima weupe na bluu waliosimama bega kwa bega, sehemu ya kifua isiyo na mkunjo, mpaka wote wacheze kwenye 35. Hapo ndo unaweka Solid Color moja ya maruni juu ya mashati yote, blend mode iwe Color. Moja tu, sio 26.

Lulu_K: Si aweke Multiply amalize?

MzeeBrashi: Kwa weupe itakubali vizuri tu. Kwa bluu itazidi kuwa giza.

Kifundo: Walio kivulini nao niwapeleke 35?

MzeeBrashi: Hapana! Wa kivulini abaki na kivuli chake, ukimsawazisha na wa juani ataonekana kabandikwa.

Mnyoofu: Kwani kwa nini msiwavalishe sare moja mkapiga upya? Huku ni kudanganya watu.

Chapakazi: Hii stori ya kutunga. Umesema watu 26, mashati kwenye skrinishoti nimehesabu 24.

Kifundo: Wawili wa nyuma vinaonekana vichwa tu kaka, jamani!

Chapakazi: Haya bwana 😂

Kifundo: Nimerudi. Bega kwa bega nasoma 34 na 36, siwatofautishi. Ila watatu weupe waliopigwa na jua shati limekuwa bapa, kama limepakwa rangi ya ukuta.

MzeeBrashi: Kwenye picha ya awali hapo Info ukiirudisha RGB inasoma 255 zote tatu?

Kifundo: Ndio.

MzeeBrashi: Basi mikunjo haikurekodiwa, hakuna cha kushusha. Una faili ya RAW?

Kifundo: Nilitumiwa kwa WhatsApp.

Lulu_K: Muombe mpiga picha.

Kifundo: Hapokei simu.