Naomba ushauri: barua pepe kwa mteja, mzigo umekwama mpakani

Wakuu, naomba mnipitie barua hii, mrekebishe lugha kidogo tu bila kugusa maana:

"Ndugu mteja, lori lenye mzigo wako lilifika mpakani jana asubuhi, lakini forodha wamelizuia kwa uhakiki. Tamko la forodha linasema kilo 8,400, ilhali orodha ya vifungashio inasema 8,040, tarakimu zimepishana. Lakiri haijakatwa. Wakala wetu ameshaomba marekebisho. Tarehe mpya ya kufika nitakupa tamko likishapitishwa."

Kinachonitatiza ni hapo kwenye "tarakimu zimepishana". Aliyekosea ni wakala wetu, na gharama za maegesho zinapanda kila siku. Nikiri wazi humohumo, au nisubiri aulize? Na "lakiri" ataielewa kweli, au niandike "sili"?